Mashine moja, uchakavu vitabuni milioni 9, kwenye kodi milioni 12.8. Bosi anasema kuna mmoja kakosea

Karani_Leja
Wakuu habari za humu. Naomba mnisaidie maana bosi anataka majibu na mimi nimebaki natoa macho tu.

Iko hivi. Tulinunua mashine ya kufungashia bidhaa kwa milioni 51.2. Kwenye vitabu tukasema itapiga kazi miaka 5 na mwisho wake tutaiuza kama milioni 6.2 hivi, kwahiyo kinachobaki ni 45, ukigawa kwa miaka 5 uchakavu ni milioni 9 kila mwaka, hapo sina tatizo. Sasa yule anayetuandalia ritani ya kodi kaleta karatasi yake, ile 9 yetu kaifuta yote, kairudisha kwenye faida kama vile haikuwepo, alaf chini yake kaweka posho ya mtaji, yaani uchakavu unaotolewa na sheria ya kodi, milioni 12.8, anasema ni asilimia 25 ya gharama. Faida yetu vitabuni ni milioni 20, ya kwake ya kodi imetoka 16.2.

Bosi kaziweka karatasi mbili mezani kaniuliza hivi mashine ni moja, imechakaa mara ngapi? Nikakosa cha kujibu. Ipi ni namba sahihi?

fundi_wa_mitambo
Zote mbili za uongo. Nenda sokoni ulizia mashine kama hiyo iliyotumika mwaka mmoja wanauzaje, toa kwenye bei mliyonunulia, hiyo tofauti ndo uchakavu wenyewe. Nyie watu wa ofisini mnapenda kukaa na kupigia hesabu kitu ambacho mtu wa gereji anakwambia kwa kuangalia tu.

Tajiri_Mtarajiwa
Mkuu mbona simple sana. Sisi kwenye biashara yetu tunatumia rate ya kodi hiyo hiyo hata kwenye vitabu, 25% huku 25% kule, namba zinafanana, bosi analala usingizi. Kuendesha hesabu mbili za kitu kimoja ni kujitafutia presha. Na isitoshe hiyo tofauti inajifuta yenyewe mbele ya safari, mwisho wa siku jumla ni ile ile.

MzeeWaBalansi
Karani, namba zote mbili ni sahihi, na hakuna aliyekosea. Ila nianze na fundi kwanza.

Fundi, hapa hakuna anayepima bei ya sokoni, si vitabu wala kodi. Uchakavu wa vitabuni ni kuigawanya gharama uliyokwisha kuitoa kwenye miaka utakayoitumia mashine. Bei ya sokoni inaweza kupanda mwaka huu na bado utaandika uchakavu wako wa milioni 9 kama kawaida, maana mashine imetumika. Anayetaka bei ya soko kwenye vitabu kuna njia yake ya kuthaminisha upya, hiyo ni habari nyingine.

Turudi kwa Karani. Hizi namba mbili zinajibu maswali mawili tofauti. Vitabu vinauliza: mwaka huu mmekula kiasi gani cha ile mashine ili kupata mauzo yenu? Jibu ni makadirio ya wenye kampuni. Nyie ndo mmesema miaka 5, nyie ndo mmesema 6.2 mwishoni, nyie ndo mmechagua kugawa sawa kwa sawa, na kiwango cha kimataifa cha uhasibu IAS 16 kinawataka kila mwaka mkae muyaangalie upya hayo makadirio, mkiona mashine itaenda miaka 7 mnabadilisha kuanzia hapo kwenda mbele.

Sasa jiweke kwenye kiti cha mtoza kodi. Ukiruhusu kila mtu akadirie mwenyewe, unadhani nani atakuja kukwambia mashine yake inaishi miaka 10? Wote watasema miaka 2. Utatumia maafisa wangapi kwenda viwandani kubishana na kila mtu? Ndo maana sheria inasema sawa, uchakavu wako baki nao mwenyewe, mimi siutambui, nitakupa wa kwangu, aina hii ya mali asilimia kadhaa, aina ile asilimia kadhaa, kampuni zote sawasawa. Ndiyo sababu ile 9 yenu ilifutwa, haikufutwa kwa kuwa ni mbaya.

Na kuna sababu ya pili. Serikali ikitaka watu wanunue mitambo inaongeza kasi ya posho. Uingereza kwa mfano, tangu Aprili 2023 kampuni ikinunua mitambo mipya ya aina nyingi inakata gharama yote mwaka wa kwanza, asilimia 100. Hakuna mtu anayeamini mtambo mpya umekwisha ndani ya mwaka. Wanajua kabisa, ila wanataka ununue.

Karani_Leja
Asante sana mzee wangu, hapo nimeanza kupata mwanga. Swali langu sasa ni hii tofauti ya 3.8 (12.8 toa 9). Mwaka wa pili nayo itakuwa 3.8? Na Tajiri anasema inajifuta, inajifutaje?

dada_hesabu
Karani hapana, haitakuwa 3.8 tena. Cheki mtu wako wa ritani katumia 25% ya SALIO, siyo ya gharama kila mwaka. Mwaka wa kwanza salio ni 51.2 kwahiyo 12.8. Inabaki 38.4, mwaka wa pili 25% ya hiyo ni 9.6. Inabaki 28.8, mwaka wa tatu 7.2, na kuendelea. Kumbuka pia kodi haijali ile 6.2 yenu ya mwishoni, yenyewe inaanza na bei nzima.

Nimekuwekea mpaka mwaka wa 5, namba zote milioni:

```
Mwaka   Uchakavu   Posho    Tofauti   Jumla ya tofauti
1       9.0        12.80    +3.80     +3.80
2       9.0         9.60    +0.60     +4.40
3       9.0         7.20    -1.80     +2.60
4       9.0         5.40    -3.60     -1.00
5       9.0         4.05    -4.95     -5.95
```

Angalia ile safu ya tofauti. Miaka 2 ya kwanza kodi inakupa zaidi ya vitabu, kuanzia wa 3 inakupa pungufu. Kwahiyo mwambie bosi kabisa mapema, asije akafurahia ritani ya mwaka huu alaf mwaka wa 3 akaja kukuuliza mbona kodi imepanda wakati faida ni ile ile. Faida ikibaki 20 mwaka wa 3, ya kodi itakuwa 20 jumlisha 9 toa 7.2, yaani 21.8. Kubwa kuliko faida yenyewe! Watu wanapaniki hapo wanadhani wameibiwa.

Tajiri_Mtarajiwa
Si ndo nilichosema, inajifuta. Japo hapo kwako mwaka wa 5 imeishia hasi 5.95, hiyo haijajifuta dada, hiyo imepitiliza.

dada_hesabu
Imepitiliza kwasababu mashine bado ipo. Subiri iuzwe.

Mwisho wa mwaka wa 5 vitabu vinasema imebaki 6.2, kodi inasema imebaki 12.15. Tuseme mmeiuza kwa 7.2. Vitabuni mnaandika faida ya 1.0 maana mmeuza juu ya 6.2. Kwenye kodi mmeuza chini ya salio, 12.15 toa 7.2, kuna 4.95 ambayo hamjawahi kupewa posho yake, kwahiyo mnapewa yote mwaka huo wa kuuza (kama sheria yenu inaihesabu kila mali peke yake, nitalirudia hilo).

Sasa jumlisha. Vitabu: uchakavu 45 toa faida 1, jumla mashine imewagharimu 44. Kodi: posho za miaka 5 ni 39.05, ongeza 4.95, jumla 44. Na ukitaka kuhakikisha bila hesabu ndefu, mlinunua 51.2 mkauza 7.2, pengo ni 44. Njia tatu jibu moja. Hapo ndo imejifuta.

Kitu kimoja wanachosahau wengi: ile faida ya 1.0 ya kuuza nayo unaitoa kwenye hesabu ya kodi kama ulivyoitoa uchakavu. Usipoitoa utakuwa umelipa kodi kwa milioni 1 ambayo tayari imo ndani ya ile 4.95. Nimekutana na hilo kwenye mafaili mengi mno, mtu anarudisha uchakavu vizuri kabisa alaf faida ya kuuza mali anaiacha humo ndani imekaa.

kobe_mwendo
Jamani samahani naingilia, hili la kwangu nadhani ni hilo hilo. Nimenunua gari la kutembelea la kampuni kwa milioni 90, vitabuni naligawa miaka 5 bila thamani ya mwisho, 18 kwa mwaka. Yule wa kodi ananiambia sheria inatambua milioni 30 tu kwa gari la abiria, hiyo 60 nyingine nisahau. Sasa na mimi hii itajifuta mwaka wa ngapi? Maana nasubiri.

MzeeWaBalansi
Kobe utasubiri sana mwanangu. Hiyo haijifuti.

Ya Karani ni tofauti ya muda, mashine yote inatambuliwa na kodi, kinachopishana ni lini. Ya kwako sheria imeweka kikomo, ile 60 haimo kabisa kwenye hesabu ya kodi, haitaingia mwaka huu wala mwaka wa kuuza. Katika uchakavu wako wa 18, 12 ni wa ile sehemu isiyotambuliwa, na hiyo 12 inarudishwa kwenye faida yako kila mwaka bila kupata kitu upande wa pili. Kama kodi ya kampuni ni 30% basi ni milioni 3.6 kila mwaka unalipa juu ya ile ambayo faida yako ingeonyesha. Utaiona kwa jicho, kodi ukiigawa kwa faida haitoki 30%, inatoka juu yake, na itakuwa hivyo miaka yote 5.

Na Tajiri hapo ndo kauli yako ya "mwisho wa siku jumla ni ile ile" inapofikia ukomo. Ni kweli kwa mashine, kwa gari la kobe siyo kweli.

Siku ukiliuza kobe angalia vizuri, sheria nyingi zenye kikomo cha namna hiyo zinakata na bei ya kuuzia kwa uwiano huo huo. Kwa kuwa walikutambulia theluthi moja ya gharama, wanahesabu theluthi moja ya ulichouzia. Anayeingiza bei nzima anajiumiza.

kobe_mwendo
Dah. Sawa mzee. Sikuambiwa wakati nanunua.

fundi_wa_mitambo
Milioni 90 gari la kutembelea, na kodi ndo inakuuma? 😂

Karani_Leja
Nimeelewa vizuri mpaka hapo. Kilichobaki odita wetu naye kaleta mstari kwenye mizania unaitwa kodi iliyoahirishwa, milioni 1.14, na bosi kauliza hiyo tunamlipa nani na lini, nikasema sijui mkuu ngoja niulize.

MzeeWaBalansi
Hamumlipi mtu yeyote leo, na hakuna atakayekuja kuwadai kwa barua. Chukua ile 3.8 ya mwaka wa kwanza zidisha kwa 30%, unapata 1.14. Maana yake ni kwamba mwaka huu mmelipa kodi pungufu kwa 1.14 kwa kuwa posho imekuja kwa kasi, na ile miaka ambayo posho itakuwa ndogo kuliko uchakavu mtalipa zaidi. IAS 12 inasema msiifiche, iandikeni leo.

Iangalie kwenye namba zenu. Faida 20, asilimia 30 ni 6. Kodi ya ritani ni 30% ya 16.2, yaani 4.86. Ongeza 1.14 iliyoahirishwa unapata 6 kamili. Mwaka wa 3 (faida ikiwa bado 20) ritani inasema 6.54, lakini ile iliyoahirishwa inashuka kutoka 1.32 mpaka 0.78, inarudisha 0.54, tena unapata 6. Kwahiyo anayesoma taarifa zenu anaona kodi inafuatana na faida, na cheki inayoandikwa kwenda kwa mtoza kodi ndo inayopanda na kushuka.

Ukitaka kumkagua odita wako mwenyewe, usifuate mambo ya mwaka, fuata mabaki. Thamani ya vitabuni mwisho wa mwaka toa salio la kodi, zidisha kwa kiwango cha kodi. 42.2 toa 38.4 ni 3.8, mara 30% ni 1.14. Kama mabadiliko ya mwaka hayalingani na tofauti ya uchakavu na posho ya mwaka huo basi kuna kitu kimepita katikati. Mara nyingi ni mali iliyouzwa ikaondolewa upande mmoja tu, kwenye rejista ya mali haipo lakini kwenye karatasi ya kodi bado inavuta posho, au kinyume chake. Au kuna jengo lilithaminishwa upya, vitabuni likapanda, kodi haikulitambua hilo pandisho.

Tajiri_Mtarajiwa
Sasa mzee mnaona? Yote haya, kodi iliyoahirishwa, mabaki, sijui nini, kwangu hayapo kwasababu natumia rate moja. Tofauti sifuri. Mnanikataza nini hasa?

MzeeWaBalansi
Sikukatazi kuwa na amani. Nakuuliza tu, hizo 25% za salio ndo mashine zako zinavyochakaa kweli? Chukua ya Karani. Kwa njia yako mwisho wa mwaka wa 5 vitabu vinaonyesha mali ya 12.15 wakati wenyewe mnajua mtapata kama 6 mkiiuza. Halafu unaiuza 7.2 na kwenye vitabu inatokea hasara ya karibu milioni 5 kwa mkupuo mwaka huo. Haikuwa hasara ya mwaka huo hata kidogo, ni uchakavu wa miaka 5 ambao hukuuandika. Miaka ile yote faida yako kwa jumla ilionekana kubwa kuliko ilivyokuwa, na kama mligawana gawio mligawana hela ya mashine.

Na siku serikali ikitoa 100% mwaka wa kwanza utafanyaje? Utafuta mashine nzima vitabuni ikiwa bado inanguruma pale?

Tajiri_Mtarajiwa
Hahaha hapo kwenye 100% umenibana, hapo nitafikiria. Ila bado kwa biashara ndogo ya mtu mmoja ambaye hana wabia wala mkopo benki, nani anasoma hivyo vitabu? Mwenyewe na mtoza kodi. Naona mnataka tununue kanzu ya harusi kwenda dukani.

dada_hesabu
Hapo mi nakubaliana nae nusu. Kiviwango hata vile vya kampuni ndogo vinataka makadirio yako mwenyewe, siyo rate ya kodi. Lakini mtu ambaye mali zake ni kompyuta tatu na meza, tofauti yenyewe haimbadilishii chochote. Tatizo ni pale anapoanza kwenda benki na hivyo vitabu.

MzeeWaBalansi
Benki wanaojua kazi yao wanamuuliza swali moja tu, uchakavu wako umeukadiriaje. Akijibu "ni rate ya kodi" wanaanza kukagua kila kitu. Ila sawa, tusikeshe hapo.

Karani_Leja
Dada ulisema utarudia lile la sheria kuihesabu kila mali peke yake. Kwetu naona kwenye karatasi ya kodi mashine haionekani hata kwa jina, kuna mstari mmoja tu wa kundi zima.

dada_hesabu
Ahaa basi nyie mko kwenye kapu. Hapo hadithi ya mwisho inabadilika.

Kwenye kapu mali zote za kundi moja zinachanganywa, salio ni moja. Ukinunua unaongeza bei, ukiuza unatoa ulichopata, alaf 25% inapigwa kwa kinachobaki. Mashine yako ndani ya kapu haina salio lake tena. Kwahiyo mkiuza kwa 7.2 ile 4.95 hampewi mwaka huo. Inabaki ndani ya kapu inaendelea kuliwa 25% ya salio, mwaka wa kwanza 1.24, unaofuata 0.93, inapungua inapungua wala haifiki sifuri. Mashine imeshaondoka kiwandani zamani na bado inawapa posho kidogo kidogo. Sehemu nyingi ili mlipwe lile baki lote mpaka kapu liishiwe mali kabisa au biashara ifungwe, na kuna sheria zinazoruhusu kulifuta kapu likishakuwa dogo sana. Soma ya kwenu.

Kinyume chake pia kipo. Mkiuza mali kadhaa kwa hela nyingi kuliko salio la kapu, kapu linakwenda hasi na ile hasi inaingia kwenye faida ya kodi kama mapato. Mtu anashangaa, ameuza mtambo chakavu anatozwa kodi. Anatozwa kwasababu alikwisha pewa posho zaidi ya alichopoteza.

Ndo maana nakwambia weka karatasi yako pembeni ya kila mali, hata kama ritani haiitaki. Bosi akiuliza "ile mashine imeishia wapi kwenye kodi" kapu halitakujibu.

kobe_mwendo
Swali dogo. Nikinunua kitu mwezi wa mwisho kabisa wa mwaka wa hesabu?

dada_hesabu
Vitabuni unaanza kuhesabu uchakavu siku kitu kiko tayari kutumika, kwahiyo mwezi mmoja tu. Kodi inategemea, kuna sheria zinazotoa mwaka mzima hata kama umenunua siku ya mwisho, nyingine zinatoa nusu mwaka, nyingine zinagawa kwa miezi au siku. Ikiwa ya kwenu inatoa mwaka mzima, mashine ya Karani ingenunuliwa mwezi wa mwisho, uchakavu ungekuwa 0.75 na posho 12.8. Ndo maana unaona watu wanakimbizana na ankara mwisho wa mwaka. Ila angalia sharti, kwingi lazima kitu kiwe kimeanza kutumika, ankara tu haitoshi. Mashine iliyokaa ndani ya boksi imewakosesha watu posho ya mwaka mzima.

Tajiri_Mtarajiwa
Mzee nina lingine, na hili sitaki unipige. Kampuni inayokua kila mwaka inanunua mashine mpya. Zile mpya zina posho kubwa zinafunika zile za zamani zenye posho ndogo. Kwahiyo kodi iliyoahirishwa inakua tu haishuki hata siku moja. Deni lisilolipwa milele ni deni kweli?

MzeeWaBalansi
Safari hii sikupigi, hilo swali limewagawa watu wazito kuliko mimi na wewe. Uingereza chini ya kiwango chao cha zamani cha uhasibu, SSAP 15, waliruhusu kuandika ile sehemu tu unayotegemea kuilipa kweli, kwa hoja hiyo hiyo yako. Wakaja kukiacha, kipya chao FRS 19 kikatoka mwaka 2000, na IAS 12 iliyorekebishwa 1996 ilishasema andika yote. Hoja yao ni kwamba kila mashine ukiitazama peke yake tofauti inageuka kama kawaida, ile ya Karani itageuka mwaka wa 3 hata mkinunua nyingine 100. Kinachofunika ni manunuzi ya kesho, na manunuzi ya kesho hayajatokea. Siku kampuni ikiacha kununua zinageuka zote pamoja, tena kawaida ni wakati mbaya, maana wanaacha kununua wakiwa hawana hela.

Mimi nimekaa na kampuni ambazo hiyo namba imepanda miaka na miaka na haikushuka, sijui niiite nini. Wachambuzi wengine wa mikopo wanaitoa kabisa kwenye madeni wakipima kampuni. Sitawaambia wamekosea.

fundi_wa_mitambo
Mi naona mashine haikai miaka 5 bila girisi, hayo mengine mtajua wenyewe. Ila swali la kweli, nikifunga mota mpya kwenye mashine ya zamani, hiyo nayo ni posho au?

dada_hesabu
Fundi sasa umeuliza swali zuri kuliko wote 😄 Ukibadilisha mota kwa mota ile ile ili mashine irudi kufanya kazi kama zamani, hiyo kikodi kwa kawaida ni ukarabati, inakatwa yote mwaka huo wala haingii kwenye posho. Ukifunga mota kubwa ili mashine ifanye zaidi ya ilivyonunuliwa hiyo ni mtaji, inaingia kwenye kapu. Vitabu vinaweza kusema tofauti, IAS 16 inaruhusu mota iwe sehemu ya mali na ihesabiwe maisha yake peke yake hata ikiwa ni ya kubadilisha tu. Kwahiyo hapo unapata tofauti nyingine mpya, kodi imekata yote leo na vitabu vinagawa miaka kadhaa. Ukifunga andika kwenye jobu kadi ulichofanya, "matengenezo" peke yake haimsaidii mtu.

Karani_Leja
Nimerudi kutoka kwa bosi. Nilimpelekea lile jedwali la dada, kaangalia mstari wa mwaka wa 3 na wa 4 muda mrefu alaf akasema basi hela ya nafuu ya mwaka huu isiguswe, iwekwe pembeni. Nafuu yenyewe ni ile 1.14.

Ila kaniongezea swali lingine. Mwaka kesho tunategemea hasara, soko limelegea. Anauliza tunaweza kuacha kudai posho mwaka huo ili salio libaki kubwa tuitumie mwaka wa faida?

MzeeWaBalansi
Hiyo inategemea sheria yenu neno kwa neno. Kuna sehemu posho ni hiari, unadai kiasi unachotaka na kilichobaki kinakaa kwenye salio. Kuna sehemu unahesabiwa umeshapewa hata usipoidai, salio linashuka tu, usipodai umeitupa. Kabla hujaamua chochote soma kifungu kimesema "anaweza kudai" au "atapewa".

dada_hesabu
Na hata ikiwa hiari usikimbilie. Ukidai, posho inaongeza hasara, na hasara inabebwa mbele ukipata faida inakatwa yote kwa mpigo. Ukiiacha kwenye salio utaipata 25% 25% polepole. Kwahiyo mi ningeidai, labda tu kama hasara zenu zina ukomo wa miaka ya kubebwa au zinapotea kampuni ikibadilisha wenye hisa.

Tajiri_Mtarajiwa
Au ukomo wa asilimia. Kuna sehemu hasara ya nyuma haikati zaidi ya kiasi fulani cha faida ya mwaka. Hapo kuiacha kwenye salio inaweza kuwa bora, si ndiyo?

dada_hesabu
Inawezekana. Karani leta hicho kifungu cha hasara na cha posho tuvisome pamoja, bila hivyo tunabishana hewani.